Risiti Mbili za Dakika Moja

Mama alinipa mpaka Idi. Hakusema kwa hasira. Alisema huku akichambua mchele uani, bila hata kuinua kichwa: mfungo ukiisha na duka bado linapumulia mashine, nyumba ya duka anampa mwenye vifaa vya ujenzi, yule wa mabati na misumari aliyekuwa ameshakuja mara mbili kuitazama. Nikamwambia sawa, mama. Moyoni nikasema, ng'o.

Duka lenyewe alilianzisha baba, katika nyumba ya mawe iliyojengwa enzi za Mjerumani, hapo Morogoro mjini. Kuta zake ni nene kiasi kwamba simu ilikuwa haishiki mtandao ukisimama katikati. Baba alipotaka kuligeuza duka la kaunta kuwa supamaketi ndogo, ya rafu na vikapu, mafundi walijaribu kuubomoa ukuta wa kati wakashindwa, wakaishia kupanua mlango uliokuwapo. Kwa hiyo tulikuwa na vyumba viwili vilivyounganika: cha mbele chenye mlango wa barabarani na kaunta, na cha nyuma, ambako ukishapita ule ukuta huonekani tena na mtu wa nje. Baba alikuwa akiulaani ukuta huo mpaka anafariki, Mungu amrehemu.

Mimi nilirudi kutoka Dar nilikokuwa mtunza stoo wa kampuni moja, nikalichukua duka likiwa hoi. Maduka mawili makubwa yalikuwa yamefunguliwa, yenye taa kali na matoroli. Wateja wetu walikuwa wanaingia, wanachukua kitu kimoja walichokumbuka njiani, wanatoka. Mama alikuwa hatoki sana nyumbani siku hizo, alisema miguu, lakini habari za duka alizipata zote kutoka kwa mdogo wake, na mdogo wake ndiye aliyekaa kwenye kaunta.

Huyo ndiye mama mdogo. Amefiwa na mume mapema, watoto hakujaaliwa, na kile kiti cha kaunta ndicho kilikuwa maisha yake. Kila mtu mjini alimjua. Mwenye mabati alikuwa ameshasema wazi kwamba atakuja na vijana wake mwenyewe. Maana yake mama mdogo angerudi kwao Kinole, mlimani, akashike jembe na magoti yale. Hakulalamika hata siku moja. Ila nilimwona asubuhi anafuta mashine yake ya kaunta kwa kitambaa, taratibu, pale palipokuwa pasafi tayari, na mimi roho iliniuma. Ningekubali lolote, si kumpandisha yule mama milimani kwa sababu ya misumari.

Sasa, mimi ni mtu wa stoo. Najua kwamba vitu vinajipanga kwa sababu, na sababu ikikosewa vinakuozea. Duka letu lilipangwa kwa mazoea. Kilichofika kwanza kiliwekwa palipokuwa wazi, basi. Tambi zilikuwa chumba cha nyuma na iliki chumba cha mbele. Ngano mashariki, hamira magharibi. Mteja aliyekuja kupika chapati ilibidi afanye safari, na sisi Waswahili tunajijua, kitu usipokiona unasema nitachukua kesho, na hiyo kesho unapita duka jingine.

Nikaamua nijue watu wananunua nini pamoja na nini. Si kukisia, kujua. Mashine yetu ya kaunta ilikuwa ya kizamani kidogo, inachapa karatasi mbili kwa mpigo: moja ya mteja, ya pili inajiviringisha ndani, na juu yake kila risiti ina namba yake, saa na dakika, na bidhaa moja moja. Baba alikuwa na tabia ya kuziweka hizo karatasi kwenye ndoo za rangi, sijui kwa nini, pengine kwa woga wa watu wa kodi. Nilizitoa zile za miezi ya karibuni, nikakaa chini kwenye mkeka na mkasi.

Kazi yenyewe si ya ajabu, inachosha tu. Nyuma ya kalenda kubwa nilichora miraba: majina ya bidhaa juu, majina yaleyale pembeni. Nikishika risiti yenye unga, mafuta na sabuni, naweka alama tatu: unga na mafuta, unga na sabuni, mafuta na sabuni. Risiti ya vitu vinne inatoa jozi sita. Na risiti ya mwanamke wa mlimani aliyeshuka na ndizi zake, akauza, halafu akanunua mahitaji ya nyumba tano alizotumwa, hiyo ni balaa, inatapakaa kalenda nzima. Hizo nilijifunza kuziweka pembeni. Sufuria tano tofauti zimo ndani ya kapu moja, na mimi nilitaka kujua sufuria moja inataka nini.

Mara ya kwanza nilifurahi bure. Sukari ilikuwa na alama nyingi kuliko zote. Sukari na majani ya chai, sawa. Sukari na sabuni. Sukari na viberiti. Sukari na dawa ya mbu. Nikawa karibu kuisogeza sukari hadi kwenye dawa ya mbu, mpaka nikajicheka mwenyewe. Sukari iko kila mahali kwa sababu kila mtu anakunywa chai, haina undugu na dawa ya mbu. Nikabadilisha swali. Badala ya kuuliza jozi hii imetokea mara ngapi, nikauliza: katika wateja wote, ni kiasi gani wanachukua sukari? Halafu, katika wale waliochukua viberiti, ni kiasi gani wanachukua sukari? Kama kote ni nusu, basi kiberiti hakijaita sukari, wamekutana tu njiani. Lakini nilipouliza hivyo kwa iliki, nikakuta watu wa iliki wanachukua tambi mara nyingi mno kuliko watu wengine. Hapo kuna jambo. Hapo kitu kimoja kinamshika mwenzake mkono.

Nikaanza kuhamisha. Kitu kimoja kwa wakati, halafu nasubiri, maana ukihamisha kumi siku moja hutajua ni kipi kilichokusaidia na kipi kilichokuumiza. Tambi nikazileta mbele karibu na iliki na zabibu. Mama mdogo akaniuliza kwa upole kama wateja hawatapotea, maana wamezoea tambi kule nyuma toka enzi za baba. Siku hiyo nilikuwa nimelala vibaya, nina hasira na kila kitu, na mwenye mabati alikuwa ametoka kupita mlangoni akitabasamu. Nikamgeukia mbele ya wateja.

"Mama mdogo, wewe kaa kwenye kaunta. Rafu niachie mimi."

Akasema haya, mwanangu. Akaendelea kupiga risiti.

Tambi zikatembea. Hamira nikaipeleka kwenye ngano, ikatembea. Tangawizi ya unga kwenye majani ya chai, usiseme. Mwezi wa mfungo ulikuwa haujaanza, kwa hiyo sikuweza kusema ni baraka za Ramadhani, na mama alikuwa ameshanionya kwamba tambi na tende za mwezi ule zisije zikanidanganya, kwani mwezi ule hata muuza mawe anauza. Alichotaka yeye ni kuona watu wamerudi kujaza vikapu. Basi nilijiona nimefika. Kichwa kikavimba. Nilikuwa natembea kati ya rafu nikiimba.

Ndipo nikafika kwenye pedi.

Zilikuwa chumba cha nyuma, rafu ya chini, kona ya giza nyuma ya ukuta, pembeni ya ndoo na mafagio. Kalenda yangu ilikuwa na kitu cha ajabu hapo: mstari mtupu. Hakuna alama. Pedi hazikununuliwa na sukari, wala na sabuni, wala na kitu chochote kile. Zilinunuliwa sana tu, lakini kila risiti ilikuwa ya pedi peke yake. Hata sukari, inayoungana na dawa ya mbu, haikuungana nazo. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akajiuliza. Mimi nilikuwa nimeshalewa ushindi, na jibu nikalipata upesi: hawa ni wateja wa kitu kimoja. Wanaingia mbio, wanachukua, wanatoka. Na kitu cha mtu wa haraka kinakaa wapi? Kinakaa mlangoni, kama vocha, kama maji ya baridi. Kumtembeza mteja wa haraka mpaka kwenye mafagio ni kumtesa.

Nami ni mwanamke. Sijui nilikuwa na akili gani. Dar nilikuwa nazinunua katika maduka makubwa ambako hakuna anayekujua, na nilikuwa nimeshasahau kununua kitu mahali ambapo muuza duka anamjua mpaka shangazi yako. Nikazipanga vizuri, kwa rangi, kwenye rafu mpya iliyotazamana na mlango. Pale kwenye ngazi za mlango wetu, kwa sababu ya kivuli cha ukuta mnene wa mbele, ndipo vijana wa bodaboda walipokuwa wakikaa kusubiri abiria.

Mama mdogo alinitazama nikipanga. Alifungua mdomo, nakumbuka, akaufunga.

Juma la kwanza pedi hazikuuzika. Nikasema zitazoeleka. Juma la pili nikaona unga wa sembe umepungua kutoka, na mafuta, na sabuni ya unga, na vitu ambavyo sikuvigusa kabisa. Tambi zangu zilikuwa palepale karibu na iliki, zinatazamana na hakuna wa kuzichukua. Mwezi ulikuwa umeshaandama, watu wananunua mji mzima, na sisi vikapu vimepangana mlangoni vikavu. Mwenye mabati akapita tena, mara hii hakutabasamu hata, alitusalimu kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko meno yake. Mama akapiga simu kuuliza hali, nikamwambia tunaendelea vizuri. Nilimdanganya mama yangu ndani ya mwezi mtukufu, nikakata simu.

Niliapa sitoki dukani mpaka nijue. Nikachukua stuli nikakaa upande wa ndani wa mlango, asubuhi mpaka alasiri, natazama tu. Na nikaona. Alikuja mwalimu mmoja wa Mafiga, mteja wetu wa miaka, ana kapu lake la ukindu mkononi. Akapanda ngazi ya kwanza, vijana wakamwamkia, shikamoo mwalimu, akaitika marahaba. Akatupa jicho ndani, akaiona rafu. Akasimama kidogo, akalitazama kapu lake kama amesahau kitu nyumbani, akageuka. Nikamfuata kwa macho mpaka akavuka barabara. Hakwenda nyumbani. Aliingia duka la pili, akatoka na kapu limejaa. Sembe na mafuta na sabuni, vyote alivyokuwa akinunua kwetu, aliviacha kwa mtu mwingine kwa sababu ya kitu kimoja asichotaka kukishika mbele ya wanafunzi wake wa zamani.

Basi huyu hakuwa mteja wa kitu kimoja. Kama mwalimu hununua kapu zima, mbona risiti zinasema pedi hununuliwa peke yake?

Nikarudi kwenye ndoo. Mara hii sikutazama bidhaa, nilitazama namba na saa. Nikaishika risiti moja ya pedi, nikaisoma dakika yake, halafu nikaitafuta yenye namba iliyoitangulia nikaisoma nayo. Sembe, mafuta, sabuni ya unga, chumvi, majani ya chai. Namba imefuatana, dakika ni ileile. Nikashika nyingine ya pedi. Kabla yake, kapu kubwa, dakika ileile. Nyingine. Nyingine tena. Zilikuwa zinakuja mbilimbili, kubwa na ndogo, mama na mwana. Mtu mmoja alikuwa amesimama mbele ya kaunta na kapu moja, na kaunta ilimtolea risiti mbili.

Nilimfuata mama mdogo akiwa anahesabu mifuko. Nilijaribu kuuliza bila kufoka, Mungu shahidi, nikamuonyesha zile karatasi. Akazitazama, akashangaa kwamba mtu anaweza kushangaa.

"Ile risiti kubwa inakwenda kwa aliyetoa pesa," akasema. "Baba anaisoma, mama mkwe anaisoma, kaka anaisoma. Sasa mtoto wa kike umwandikie na mambo yake humo?"

Akanieleza taratibu, huku akiendelea na mifuko. Msichana anatumwa na pesa ya nyumbani na kuambiwa alete risiti. Pedi anatoa pesa yake mwenyewe, ya mfukoni, aliyojibana. Anaziweka chini kabisa ya kapu, juu anafunika na unga. Mama mdogo anapiga vya nyumbani kwanza, anafunga hesabu, anachana risiti, anampa. Halafu anaichukua ile ya chini, anaiviringisha kwenye gazeti kabla haijapanda juu ya kaunta, anapiga risiti ya pili, na hiyo haimpi mtu ila akiiomba. Hasemi neno. Ameshafanya hivyo tangu baba yuko hai. Hata wake za watu, hata wauguzi, hata baba mmoja mkulima wa Mgeta, aliyekuja kumnunulia binti yake mahitaji ya shule ya bweni huko misheni, jasho linamtoka, mama mdogo alimtengea risiti mbili, naye akatoka ameinua kichwa. Kwake hiyo haikuwa mbinu wala siri. Ni sitara tu, kama kumfunga mtoto wa mwenzio kanga ikimdondoka.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia niliposogeza rafu mlangoni. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Uliniambia nikae kwenye kaunta," akasema. "Nikakaa."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimwomba radhi, akasema yamepita, na kwa kuwa ni mtu wa namna yake, ikawa yamepita kweli. Lakini duka halikuwa limepita. Idi ilikuwa inakuja, na mimi nilikuwa nimewafukuza wanawake wa mji huu kwa mikono yangu miwili.

Kabla ya kufuturu siku hiyo rafu ya mlangoni ilikuwa tupu. Nilipanga maji ya kunywa na vocha, vitu visivyo na aibu. Halafu nikakaa na kalenda upya. Kila risiti ya pedi niliibandika kwa gundi chini ya ile iliyoitangulia, mradi namba zimefuatana na dakika ni moja. Pale dakika zilipopishana niliziacha, bora nikose jozi ya kweli kuliko kuzusha ya uongo. Nikahesabu tena toka mwanzo, na ule mstari mtupu ukajaa. Na haukujaa ovyo. Sukari ilikuwepo, sukari ni mbea, iko kila mahali. Lakini vitu vilivyoshikana na pedi kweli, kupita ilivyo kwa wateja wengine, vilikuwa sabuni ya unga, mafuta ya kujipaka, nguo za ndani za pamba na tangawizi. Tangawizi ilinishangaza kidogo tu, maana hata mimi mama alinichemshia tangawizi tumbo liliponibana. Wanawake hawa walikuwa wananiambia maisha yao yote, na mimi nilikuwa nimewasikia nusu.

Sasa nikajua mahali. Ule ukuta wa Mjerumani, ambao baba aliulaani, ulikuwa na upande wa pili usioonekana barabarani wala kwenye kaunta. Nikaondoa ndoo na mafagio. Nikaning'iniza taa, kwa sababu sitara si giza, mtu anataka kusoma anachonunua. Pedi nikazirudisha pale, safari hii rafu ya usawa wa mkono, na pembeni yake sabuni za kuogea na za unga, mafuta ya kujipaka, nguo za ndani, nepi za watoto, na pakiti za tangawizi, nyingine zikabaki kwenye chai. Mtu yeyote akionekana anaelekea kona ile, anaelekea kwenye sabuni. Hakuna wa kumuuliza. Nilipomaliza nilimwita mama mdogo, nikamkalisha, nikamwambia anikosoe. Akazunguka kona nzima polepole. Akasema kitu kimoja tu, kwamba vikapu viwekwe na huku nyuma, ili mtu asitembee na kitu mkononi mpaka mlangoni kutafuta kapu. Hilo nisingeliona hata ningezaliwa mara mbili.

Vijana wa bodaboda sikuwafukuza. Niliwaomba wahamie upande wa pili wa nyumba penye kivuli, nikawawekea benchi, wakahama wakinitania kwamba bosi kaolewa ndiyo maana kawa mpole.

Wanawake hawakurudi kesho yake. Neno la duka linakwenda kwa miguu. Mwalimu alikuja kwanza, kununua kiberiti tu, akapita kona, akatoka na kapu lake limejaa, akaninong'oneza kwamba pamependeza. Alichowaambia wenzake sikijui. Najua tu kwamba katika kumi la mwisho la mfungo, nilikuwa najaza upya rafu ya kona kila asubuhi, na kila nikijaza kona, sembe na mafuta navyo vinadai kujazwa. Nilikuwa nafunga, nimechoka, miguu imevimba, na sijawahi kufurahi vile. Ila mama sikumwambia kitu. Nilikuwa nimeshamdanganya mara moja kwa simu, safari hii nilitaka aone kwa macho.

Alikuja siku mbili kabla ya Idi, na mwenye mabati yuko naye. Alishuka kwenye bajaji taratibu, amejitanda kanga, na yule bwana anamshika mkono kama mkwe. Yule bwana alikuwa na futi ya kupimia, alitaka kujua mabati yataingia kwa urefu gani. Duka lilikuwa limejaa mpaka foleni imekunja kona, akabaki amesimama na futi yake mkononi, akisema samahani dada, samahani dada, hakuna aliyempisha. Mama alinisalimia, akamsalimu mdogo wake kwa utani wao wa siku zote, akachukua kapu, akasema anazunguka kidogo. Nikataka kumfuata nimwoneshe kila kitu, tambi, hamira, kona. Mama mdogo, bila kugeuka, akanishika upindo wa dera.

"Mwache apite mwenyewe," akasema.

Nikamwacha. Alipotea nyuma ya ukuta. Alikaa huko muda, na mwenye mabati akaniuliza kama mzee yuko salama, nikamwambia yuko kwenye sabuni.

Alipotoka alipanga foleni kama watu wengine, akakataa kupishwa. Kwenye kapu lake, juu, kulikuwa na sukari, tambi, iliki na zabibu. Mama mdogo akavipiga, akafunga hesabu, akachana risiti, akampa. Halafu mkono wake ukashuka kwenye kapu, gazeti likiwa tayari, ukaviringisha kitu cha chini kabla hakijapanda juu ya kaunta, na mashine ikalia mara ya pili. Hawakutazamana. Mimi nilikuwa nimesimama karibu mno, nikaona kipande cha pakiti. Zilikuwa nepi za watu wazima, zile chache nilizoagiza kwa ajili ya mteja anayemuuguza baba yake, nikazipanga rafu ya juu ya kona.

Miguu, alikuwa akisema. Mwaka mzima hatoki, haendi hata harusini, haendi msikitini, anasema miguu, na mimi mwanaye nilimnunulia dawa ya kuchua.

Mama akakipakata kifurushi chake cha gazeti kifuani, akamgeukia mwenye mabati, akamwambia kwa adabu kabisa kwamba amesumbuka bure, nyumba haina nafasi. Yule bwana akatazama kuta, akamtazama mama, akaikunja futi. Mama mdogo alikuwa ameshamwita mteja aliyefuata, lakini nilimwona amekosea kubonyeza mashine, akafuta, akakosea tena, mpaka akajipangusa macho na kile kitambaa chake.

Haya nayaandika kwa ruhusa. Mama alisema andika, nimeshazeeka mwanangu, aibu yenyewe imenichoka.

Usiku wa Idi nilikata karatasi za mwezi kama kawaida yangu, na gundi pembeni. Nilibandika mwalimu na kapu lake, wauguzi, wasichana wa Kihonda, kila namba iliyofuatana na mwenzake. Nilipofika kwenye ile ya sukari, tambi, iliki na zabibu, na chini yake ile ndogo ya dakika ileile, nilipitisha mkasi katikati. Kwenye hesabu ya duka langu, hizo hazijawahi kuwa za mtu mmoja.